Kwa nini kwenye picha za Kihindi wimbo unaanza hadithi ikiwa imepamba moto?

"Mtu anafukuzwa na majambazi, mara wanaanza kuimba na kucheza. Kwa nini Wahindi wanakatisha stori namna hiyo?"

Baba yangu mdogo alikuwa na imani hiyo hiyo. Nyumbani kwake ndiko kulikokuwa na deki ya video, na kila wimbo ulipoanza alibonyeza kitufe cha kupeleka kanda mbele mpaka watu waanze kuongea tena. Hivyo ndivyo nilivyoitazama Sholay mara ya kwanza. Jambazi Gabbar Singh amemkamata Basanti, Veeru amefungwa mikono, Basanti amesimama jua kali. Kanda ikapelekwa mbele, na iliporudi Basanti alikuwa ameanguka, nyayo zinavuja damu. Nikauliza nani kamjeruhi. Hakuna aliyejua, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya wimbo tulioruka.

Sholay iliongozwa na Ramesh Sippy na ikatoka mwaka 1975. Muziki ni wa R. D. Burman, mashairi ya Anand Bakshi. Ina nyimbo tano tu, na kila moja imebeba mzigo wake, kwa hiyo ndiyo nitakayoitumia kukuonyesha jambo lenyewe.

Tuanze na huo wimbo wa Basanti. Gabbar anamtaka acheze mbele ya majambazi wake. Veeru, mpenzi wake, anapiga kelele kumkataza asiwachezee hawa mbwa. Gabbar anaweka sharti: miguu yako ikiendelea kwenda, pumzi yake itaendelea, miguu ikisimama, bunduki italia. Ndipo ngoma inapoanza. Angalia kilichotokea hapo. Kabla ya wimbo tulikuwa na mateka wawili na jambazi mmoja, mambo tuliyokwisha kuyaona mara nyingi. Sharti la Gabbar limeugeuza wimbo kuwa saa. Kila dakika ambayo Basanti anacheza ni dakika moja ya uhai wa Veeru, na mtazamaji anajua kwamba wimbo wowote una mwisho.

Sasa zisikilize beti. Kiitikio kinasema kwamba maadamu roho ipo, nitacheza. Kinapokuja mara ya kwanza, Hema Malini anayecheza kama Basanti bado ana nguvu, na maneno hayo yanasikika kama ahadi ya mwanamke kwa mpenzi wake. Kisha wanavunja chupa juu ya jiwe alilosimama. Vigae vinatapakaa miguuni pake naye hana viatu. Anavikanyaga. Kiitikio kinarudi na maneno yale yale, lakini sasa anayeambiwa ni Gabbar, na maana yake ni kwamba huniwezi. Kinaporudi tena, anapepesuka na jiwe lina alama za damu, na maneno ya mwanzo yamekuwa kweli tupu, kwa kuwa roho yenyewe inakaribia kutoka. Sentensi ni ile ile, hali ni tatu tofauti. Jaribu kuandika mazungumzo ambamo mtu anarudia sentensi moja mara kadhaa. Atasikika kama kichaa. Kwenye wimbo hakuna anayeshangaa, maana kurudia ndiyo kazi ya kiitikio.

Hiyo ndiyo siri ya muundo. Wimbo wa filamu ya Kihindi una sehemu mbili kubwa. Kiitikio wanakiita mukhda, neno linalomaanisha uso, na beti wanaziita antara. Katikati yake kuna vipande vya ala tupu, fidla na ngoma, bila mtu kuimba. Ubeti unaleta jambo jipya. Kipande cha ala kinamruhusu mwongozaji apitishe muda, abadilishe mahali au aonyeshe tukio lisilohitaji maneno. Chupa zinaweza kuvunjwa, mtu anaweza kusafiri, mtoto anaweza hata kukua akawa mtu mzima. Halafu mukhda inarudi na kukuuliza kimya kimya: sasa unaisikiaje? Wasikilizaji wa taarab hawahitaji kufundishwa hilo. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili kwa sauti za picha za Kihindi kwa miaka mingi, na watu walizipokea kama mali yao.

Jinsi nyimbo zinavyotengenezwa nayo inaeleza mengi. Bombay, mwongozaji hamwendei mtunzi na kumwambia "nipe wimbo wa mapenzi". Wanakaa kikao, mwongozaji akamsimulia mtunzi wa muziki na mshairi hadithi mpaka pale wimbo unapoingia. Pale wanapaita sichuesheni: nani anaimba, anamwimbia nani, nini kimetoka kutokea, na wimbo ukiisha mambo yawe yamefika wapi. Mara nyingi sauti inatungwa kwanza na mshairi anayapanga maneno juu yake. Kisha wimbo unarekodiwa studio na mwimbaji ambaye hataonekana; huu wa Basanti uliimbwa na Lata Mangeshkar. Ndipo kamera inatoka, wimbo unapigwa kwa spika pale pale pa kupigia picha, na mwigizaji anaufuata kwa midomo na mwili. Maana yake ni kwamba tukio zima limekwisha kupimwa kabla ya kupigwa picha. Mwongozaji anajua ni sekunde ya ngapi ngoma itapanda, na chupa anaipangia hapo.

Nyimbo nyingine mbili za filamu hiyo hiyo zinafanya kazi kwa njia tofauti. Mapema, Gabbar ameuliza kwa sauti ya kutisha: Holi ni lini? Holi ni sikukuu ya kurushiana rangi. Baadaye tunaingia kijijini Ramgarh siku yenyewe, watu wanaimba na kucheza, vumbi la rangi limejaa hewani. Wanakijiji hawajui kitu, ila wewe umelisikia lile swali. Furaha ya wimbo ndiyo inayokubana kifua, na kadiri wanavyozidi kucheka ndivyo unavyozidi kugeuza macho kutafuta farasi. Majambazi wanavamia. Veeru na rafiki yake Jai wanazidiwa, wanaamriwa wainame miguuni pa Gabbar, na Jai anachota rangi ya sikukuu chini na kumrushia machoni. Silaha ilitoka kwenye wimbo. Na katika purukushani hiyo, Thakur, bwana aliyewakodi, anaona bunduki karibu na miguu yake lakini haiokoti kuwarushia. Wanapomlaumu baadaye ndipo wanapojua kwamba Gabbar alimkata mikono yote miwili. Ukiuondoa wimbo wa Holi, unabaki na uvamizi usio na kitu cha kuharibu.

Mwingine ni ule anaocheza Helen usiku, kambini kwa Gabbar, moto ukiwaka. Wengi wanauona kama burudani ya mwili wa mwanamke, na hilo limo, sitalikana. Ila Jai na Veeru wananyemelea kambi wakati huo huo waitege baruti, na macho ya walinzi yamenaswa na mchezaji. Nasi tumenaswa pamoja nao.

Kuna kazi moja ambayo maneno ya kawaida hayaiwezi kabisa, nayo inaonekana vizuri katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960. Mfalme Akbar amemtoa Anarkali gerezani kwa sharti kwamba akamwambie mwana wa mfalme, Salim, kuwa hakumpenda. Aseme alikuwa akiigiza tu ili awe malkia. Anarkali ni mchezaji wa jumba la kifalme. Hana ruhusa ya kumjibu mfalme barazani, ila ana ruhusa, tena ni wajibu wake, kucheza. Basi anaijibu amri kwa njia pekee aliyoachiwa: anaimba kwamba kupenda si wizi, mtu aliyependa aogope nini. Ukumbi umepambwa kwa vioo mpaka juu. Akbar anainua macho, na katika kila kipande cha kioo kuna Anarkali anayezunguka. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, lakini wimbo huu ulipigwa kwa rangi. Wimbo ulipoanza Salim alidhani amesalitiwa. Ulipokwisha alijua ukweli, mfalme alikuwa amedharauliwa mbele ya watu wote, na hapakuwa tena na njia ya kurudi nyuma. Mgogoro mzima wa filamu umegeukia hapo, na hakuna aliyetamka sentensi moja ya kubishana.

Je, zipo nyimbo zinazokatisha hadithi kweli? Zipo, tena nyingi. Kuna wakati wimbo unachomekwa kwa sababu nyota fulani amekubali kucheza siku mbili, au kwa sababu wauzaji wa filamu wanataka kitu cha kupiga redioni. Kipimo changu ni chepesi. Kabla ya wimbo jiulize nani anajua nini na nani anamtaka nani. Wimbo ukiisha, uliza tena. Majibu yakiwa yale yale, wamekuchelewesha tu. Ila usidanganywe na mabadiliko ya nguo na milima ya theluji. Wapenzi wakianza kuimba sokoni halafu ghafla wakawa mlimani wamevaa hariri, mara nyingi umeingizwa ndani ya kichwa cha mmoja wao. Soko lipo pale pale, na wakirudi huwa wamekwisha kukubali jambo ambalo midomo ilikuwa inaona haya kulisema.

Nimeuacha wimbo wa kwanza wa Sholay makusudi. Jai na Veeru, yaani Amitabh Bachchan na Dharmendra, wako kwenye pikipiki yenye kigari cha ubavuni, wanaimba kwamba urafiki huu hatutauvunja. Pumzi ikatike, lakini sitakuacha. Kishor Kumar na Manna Dey ndio wenye sauti. Katikati ya barabara kile kigari kinachomoka na kushika njia yake, kisha kinakuja kuungana tena na pikipiki. Watoto tulicheka sana hapo, siku ambayo baba mdogo hakuwepo wa kubonyeza kitufe. Saa mbili na zaidi baadaye, Jai anabaki peke yake kuwazuia majambazi ili Veeru ampeleke Basanti salama. Nani abaki walikuwa wameamua kwa kurusha sarafu. Veeru anarudi na kumkuta rafiki yake anakata roho. Anaiokota ile sarafu na kuona ina sura moja pande zote mbili. Sauti ile ya barabarani inarudi, sasa taratibu, Kishor peke yake bila mwenzake wa kumpokea.