Barua pepe ya shukrani baada ya usaili: jambo moja mahsusi, ombi moja la adabu

Ukitoka kwenye usaili wa kazi ya hoteli Nungwi au Paje, Zanzibar, kabla hujapanda daladala ya kurudi mjini, andika kwenye simu mambo matatu: majina ya waliokusaili, jambo moja walilolieleza kuhusu kazi yenyewe, na siku waliyosema watatoa majibu. Ukiacha mpaka usiku, kinachobaki kichwani huwa ni yale maswali uliyoyajibu vibaya, na hayo hayakusaidii kuandika chochote.

Barua ya shukrani itumwe siku ile ile au kesho yake, na isizidi maneno 120 hivi. Kazi yake ni ndogo. Usaili ulioharibika haitautengeneza. Lakini anayesaili watu kumi kwa siku moja huwachanganya, na barua hii humkumbusha wewe ulikuwa yupi. Pia humwonesha unavyoandika, jambo lenye uzito kwa mtu atakayejaza daftari la stoo au kuwajibu wageni.

Sehemu ngumu ni ile sentensi inayotaja jambo mahsusi. Tuchukue mwombaji wa kazi ya msaidizi wa stoo. Katika usaili, meneja alieleza kwamba samaki na pweza huletwa asubuhi katika makreti yenye barafu, na kwamba kilo zilizoandikwa kwenye karatasi ya kupokelea mara nyingi hazilingani na zile zinazopimwa jikoni. Mwombaji alijibu kwamba yeye angepima kwanza kreti tupu, angemwaga maji na barafu, kisha ndipo apime samaki mbele ya aliyewaleta.

Nyumbani, wengi huandika hivi: “Nilifurahi kujifunza mengi kuhusu hoteli yenu nzuri.” Sentensi hiyo unaweza kuipeleka hoteli yoyote ya pwani ya mashariki bila kubadilisha neno, na hapo ndipo unapojua kuwa haifai. Msomaji haoni ndani yake mazungumzo aliyoyafanya na wewe.

Wengine huvuka mpaka upande wa pili: “Mlisema mnapoteza kilo nyingi kwa sababu aliyekuwa stoo hakuwa makini.” Hapa jambo ni mahsusi kweli, ila limegeuka lawama. Barua pepe hupelekwa mbele. Meneja anaweza kuituma kwa mwenye hoteli au kwa afisa rasilimali watu ambaye hakuwamo chumbani, na huyo ataona mgeni anatangaza udhaifu wa nyumba ambayo bado hajaingia. Kwa sababu hiyo hiyo, usitaje mishahara ya wengine, aliyeacha kazi, wala maneno ya utani mliyobadilishana mlangoni.

Sentensi inayofaa huchukua jambo la kazi alilolisema msaili na kuliunganisha na kile unachoweza kukifanya wewe, pasipo kumfundisha. Barua nzima inaweza kuwa hivi:

“Bi (jina), habari za asubuhi.

Nashukuru kwa muda mlionipa jana katika usaili wa nafasi ya msaidizi wa stoo. Maelezo yenu kuhusu kulinganisha uzito wa samaki wakati wa kupokea na ule wa jikoni yamenipa picha halisi ya kazi ya asubuhi. Kupima kreti tupu kwanza, kisha samaki bila barafu, na kuandika papo hapo, ni utaratibu niliouzoea na ningependa kuutumia hapo kwenu.

Mlieleza kuwa watakaochaguliwa wataitwa kwa jaribio la stoo wiki ijayo. Naweza kufika siku yoyote kuanzia saa 1:00 asubuhi. Iwapo kuna cheti ninachopaswa kuja nacho, naomba nifahamishwe.

Wako,
(majina matatu)
(namba ya simu)”

Neno “niliouzoea” lazima liwe la kweli. Kama hujawahi kupima kreti, andika “niko tayari kuufuata”, maana siku ya jaribio utakabidhiwa mzani.

Tazama aya ya mwisho. Inashika ratiba waliyoitaja wenyewe, inasema lini unapatikana, na inaomba kitu kimoja chepesi kujibiwa. Kinachoharibu sehemu hii ni haraka, kama “nasubiri jibu lenu leo”, au kubembeleza, kama “naomba mnihurumie, hali ya nyumbani ni ngumu”. La kwanza linamwamrisha mtu asiye chini yako. La pili linamtia aibu, kwa kuwa hana la kujibu. Swali la mshahara nalo liache mpaka wakuambie wanakutaka.

Kuhusu jina: Mzanzibari huitwa kwa jina lake mwenyewe, yaani lile la kwanza kati ya matatu. Ukichukua la mwisho ukaandika “Bwana Juma”, huenda umemsalimia babu yake. Kwa meneja mgeni, tumia jina alilojitambulisha nalo. “Mheshimiwa” ni kubwa mno kwa meneja wa hoteli, na “shikamoo” inakaa vizuri mdomoni kuliko kwenye barua ya kazi. “Assalamu alaykum” haina ubaya kama ndivyo mlivyosalimiana chumbani. Kwa jopo la watu mchanganyiko, “habari za asubuhi” inatosha. Lugha ya barua iwe ile ya usaili. Kama msaili si mzungumzaji wa Kiswahili, taja saa kwa hesabu ya kwao, la sivyo ile saa moja yako ya asubuhi ataisoma kuwa ni usiku wa manane au mchana.

Kama mwaliko ulikuja kwa barua pepe, jibu ndani ya barua hiyo hiyo badala ya kuanza mpya, ili historia yote ya ombi lako ikae pamoja. Kama uliitwa kwa simu, omba anwani pale mapokezi kabla ya kuondoka. Jopo likiwa na watu watatu, mwandikie aliyekualika na umwombe awafikishie wenzake shukrani. Barua tatu zenye maneno yale yale huonekana vibaya pale wanapolinganisha. Kabla ya kutuma, soma tena majina, kwani simu nyingi husahihisha maneno ya Kiswahili zenyewe na kuyageuza vitu vya ajabu.

Usaili wa ajira za serikali una njia yake. Pale jopo linapotoa alama na majina kutangazwa baadaye, barua ya shukrani haiongezi alama, na kumtafuta mjumbe wa jopo faraghani kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kuomba upendeleo. Fuata tangazo tu.

Kwa mwajiri binafsi, siku waliyoitaja ikipita kimya, ngoja siku mbili za kazi, kisha andika mara moja, ndani ya barua ile ile: “Bi (jina), naulizia kwa heshima iwapo uamuzi wa nafasi ya msaidizi wa stoo umeshatolewa. Bado naihitaji nafasi hii na napatikana kwa jaribio.” Usipojibiwa hapo, usiandike ya tatu wala usipige simu mapokezi kila asubuhi; endelea na maombi mengine.