Mwanga wa nyuma ya runinga: weupe wake, kiasi chake, na taa za kuzima

Siku hizi nikienda kufunga runinga, mteja ananikabidhi na mkanda wa LED alioununua Kariakoo. Mara nyingi ni ule wa rangi zote, wenye rimoti ya vitufe vingi, na tayari ameshaamua uwake zambarau. Sebule inapendeza kwenye picha. Ukikaa hapo kuangalia mechi ya Ulaya inayoanza saa nne au saa tano usiku, kufikia kipindi cha pili macho yanawasha.

Ukizima taa zote, mbele yako kinabaki kipande kimoja kinachong'aa katikati ya giza. Mboni ya jicho hujipanga kufuatana na mwanga wote unaoingia, siyo wa runinga peke yake, kwa hiyo gizani inafunguka zaidi. Kamera ikihamia kwenye uwanja uliojaa taa, mwanga unaingia mwingi kwa ghafla. Ukutani kukiwa na mwanga hafifu unaozunguka runinga, tofauti hiyo inapungua. Faida nyingine ni kwamba weusi wa picha unaonekana mweusi zaidi. Runinga yenyewe haijabadilika, ila jicho sasa linalinganisha weusi ule na ukuta wenye mwanga.

Hayo yote yanategemea mambo mawili, weupe wa mwanga na kiasi chake. Nitaeleza kwa kazi niliyoifanya Sinza, kwa mama mmoja mwenye runinga ya inchi 55, ukuta wa rangi ya krimu na dari la jipsam lenye taa ndogo za duara.

Kabla ya kugusa mkanda nilimwomba azime runinga, awashe taa zote, akae kwenye kochi lake la kila siku.

"Mama, kwenye kioo hicho cheusi unaona nini?"

"Naona taa tatu, fundi. Na mlango wa jikoni."

Hicho ndicho kipimo chote cha mng'ao, na hakina gharama. Taa yoyote unayoiona kwenye kioo runinga ikiwa imezimwa, itakuwa juu ya picha ikiwashwa. Zile tatu zilikuwa safu ya nyuma ya kochi. Dari lake lilikuwa na swichi moja kwa taa zote, kwa hiyo fundi umeme alitenganisha safu ile ipate swichi yake. Mlango wa jikoni ulihitaji kufungwa tu. Taa iliyo kwenye ukuta uleule wa runinga haiwezi kujionyesha kwenye kioo, kwa sababu iko nyuma yake. Ndiyo maana ukitaka mwanga kidogo wa kupita watoto, taa ndogo ya pembeni kwenye ukuta huo ni bora kuliko yoyote ya darini. Angalia na sakafu: vigae vinavyong'aa hurudisha mwanga wa dari hadi sehemu ya chini ya kioo.

Sasa weupe. Picha za runinga na filamu hutengenezwa kwa kipimo cha weupe kinachoitwa D65, ambacho kwenye boksi la taa utakikuta karibu na 6500K. Mwanga wa nyuma ukiwa wa njano, jicho linauzoea unjano na picha inaanza kuonekana ya bluu. Ukiwa zambarau, nyuso za watu zinaelekea ukijani. Mkanda wa rangi zote ukiuweka kwenye nyeupe, unachanganya nyekundu, kijani na bluu, na weupe unaotoka mara nyingi una ubluu. Nunua mkanda wa nyeupe tupu, 6500K, na kama boksi linaandika CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, iwe 90 au zaidi. Upande wa runinga, ondoa picha kwenye hali ya Vivid au Dynamic, weka Movie au Cinema, na rangi iwe Warm. Siku ya kwanza utaona kama imepauka, lakini hali hizo ndizo huwa karibu zaidi na D65. Ukuta wa krimu unavuta mwanga kuelekea njano kidogo. Kwa yule mama tulivumilia. Ukuta wa kijani au mwekundu siwezi kuuvumilia, hapo napendekeza rangi nyeupe au kijivu isiyong'aa nyuma ya runinga.

Kiasi ndipo wengi wanapopotea. Kipimo kinachotumika kwenye vyumba vya kukagulia picha ni ukuta kuwa na asilimia 10 ya mng'ao wa nyeupe ya runinga. Kwa macho matupu asilimia 10 ni hafifu kuliko unavyodhani, na simu yenye kamera ya hali ya Pro inatosha kuipima. Weka picha nyeupe tupu kwenye runinga. Kwenye simu funga ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 50, jaza fremu kwa weupe huo, kisha badili muda wa shata mpaka kipimo cha mwanga cha kamera kisome sifuri. Pale Sinza, baada ya kushusha Backlight, yaani mwanga wa kioo cha runinga, kilisoma sifuri kwenye 1/120. Halafu elekeza simu kwenye ukuta unaong'aa kando ya runinga, bila kugusa ISO, utafute sifuri tena. Muda unatakiwa uwe mara kumi, yaani karibu 1/12. Mara ya kwanza ukuta ulisoma 1/40: mwanga ulikuwa mara tatu ya unaotakiwa. Tulipunguza kwa rimoti mpaka tukafika.

Mkanda wenyewe niliubandika pande tatu, juu na ubavuni, sentimita 8 ndani ya ukingo wa mgongo wa runinga. Kwa inchi 55 ni mita mbili na kidogo. Ukiubandika ukingoni kabisa utaona vitone vya LED ukutani, hasa rangi ikiwa ya kung'aa. Breketi iliyobana runinga ukutani nayo inaleta mstari mwembamba mkali badala ya mwanga uliotandaa. Sentimita 10 za nafasi zinasaidia sana. Futa mgongo kwa spiriti kwanza na ushikilie kona kwa klipu, maana gundi na joto la Dar havielewani.

Umeme usiutegemee kwenye tundu la USB la runinga bila kuhesabu. Tundu la kawaida hutoa ampea 0.5 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Mkanda wa wati 4.8 kwa mita, ukiwa mita mbili, unaomba wati 9.6 ukiwaka wote. Dalili ni mwisho wa mkanda kufifia, au runinga kuzima tundu lake. Tumia chaja ya simu ya ampea 2 au zaidi. Na baada ya kupunguza mwanga, punga kalamu haraka mbele ya mkanda: ukiona kalamu nyingi zilizokatikakatika badala ya ukungu mmoja, kipunguzio kinawasha na kuzima mkanda polepole mno. Wapo wanaoumwa kichwa kwa hilo, kwa hiyo badilisha.

Macho yakiendelea kuwasha baada ya haya, tazama feni. Ikikupulizia usoni saa nzima huku hupepesi, macho yanakauka, na hakuna taa itakayotibu hilo.

Yule mama aliuliza na habari ya LUKU. Kwa mwanga tuliouacha, mkanda unakula kama wati 4. Ukiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, kwa mwezi haifiki hata uniti moja.