Kufuta nyaya na soketi ukutani bila kuacha doa kwenye rangi

Kwenye picha ya chumba, soketi yenyewe hufutika kwa sekunde chache ndani ya Photoshop. Kazi iko kwenye ukuta unaobaki. Ukichukua kipande cha ukuta wa pembeni na kukibandika juu ya soketi, karibu kila mara unabaki na kiraka: pengine cheupe kidogo, pengine cha manjano kidogo, na mtazamaji ataona kitu hata kama hawezi kusema ni nini. Sababu ni kwamba ukuta uliopakwa rangi moja hauna rangi moja kwenye picha.

Nitatumia mfano wa picha ya sebule ya fleti Dar es Salaam niliyoisafisha kwa ajili ya mbunifu wa mambo ya ndani. Ukuta ni wa rangi ya krimu. Televisheni imefungwa ukutani, chini yake kuna rafu ndogo ya king'amuzi, na nyaya tatu zinaning'inia kutoka kwenye televisheni hadi kwenye soketi pacha iliyo juu kidogo ya sketingi. Dirisha liko kushoto, na kulia kuna taa ya mezani iliyowashwa. Nilipopima ukuta kwa Eyedropper, upande wa dirisha ulisoma takriban 226, 224, 219. Upande wa taa, rangi ileile kutoka kwenye ndoo ileile ilisoma 214, 198, 171. Bluu imeshuka kuliko nyekundu, kwa sababu taa ina mwanga wa manjano na dirisha lina mwanga wa baridi. Soketi imekaa katikati ya safari hiyo, kwa hiyo hakuna sehemu nyingine ya ukuta inayofanana nayo kabisa. (Ukipima, weka Sample Size kwenye 31 by 31 Average. Ukiacha Point Sample unapima pikseli moja tu, nayo haikuambii lolote la maana.)

Kabla sijagusa faili huwa nauliza picha inakwenda wapi. Kwa mbunifu anayeonyesha kazi yake, naondoa nyaya na soketi pia. Kwa mwenye nyumba anayetafuta mpangaji, naondoa nyaya na kuziacha soketi, maana nyaya ni vitu vya kuhamishika lakini soketi ni sehemu ya nyumba, na mpangaji ana haki ya kuziona. Na kama mimi ndiye niliyepiga picha, dawa bora ni kuchomoa nyaya na kupiga fremu ya pili bila kuisogeza stendi ya kamera. Hapo una ukuta halisi wa kufunulia kwa maski, mradi wingu halijapita dirishani kati ya fremu mbili. Faili hili nililetewa fremu moja tu.

Ni muhimu kujua zana za Healing Brush na Patch zinafikiri vipi. Zinachukua chembechembe za mahali unapozielekeza, kisha zinarekebisha rangi na mwangaza ili vikubaliane na mpaka wote wa eneo unaloliziba. Kwa ukuta unaobadilika polepole hilo ndilo tunalolitaka hasa: upande wa kushoto wa kiraka unakuwa wa baridi, wa kulia unakuwa wa manjano, na katikati panajazwa kwa mteremko laini. Lakini mpaka ukigusa kitu cheusi, weusi nao unahesabiwa kuwa sehemu ya ukuta na unavutwa ndani. Ndiyo maana waya ukiufuta mzima mzima kwa Healing Brush, pale unapoingia nyuma ya televisheni panabaki wingu la kijivu, na pale unapofika kwenye sketingi panavuja rangi ya mbao.

Kwa hiyo huwa naanza kwa kukata madaraja. Kila mahali waya unapogusa kitu kisicho ukuta, natenganisha hapo kwanza kwa Clone Stamp, ambayo haichanganyi chochote bali inanakili tu. Nachora uteuzi wa Polygonal Lasso unaofuata ukingo wa chini wa televisheni kwa usahihi, ili brashi isiweze kuvuka, kisha nanakili kipande chembamba cha ukuta kutoka karibu kabisa, kwenye umbali uleule kutoka kwenye televisheni. Umbali uleule ni muhimu, kwa sababu chini ya televisheni kuna kivuli chake ambacho kinafifia kadiri unavyoshuka. Ukichukua chini zaidi utabandika ukuta mweupe ndani ya kivuli. Sketingi nayo vivyo hivyo: ukuta unanakiliwa kwa ukuta, mbao kwa mbao, kila kimoja ndani ya uteuzi wake.

Halafu kuna kivuli cha rafu, na hapa ndipo picha nyingi za namna hii zinaharibika. Mwanga wa dirisha ulikuwa unatupa kivuli cha rafu kwa mshazari, na ukingo wake ulipita juu ya soketi. Patch ikivuka ukingo kama huo inautandaza, na kivuli kinaonekana kimeliwa. Ukingo unatakiwa ujengwe upya. Chukua Clone Stamp, bonyeza Alt juu ya ukingo wa kivuli pale unapoonekana wazi, kisha anza kupaka juu ya ukingo huohuo upande wa soketi, ili mstari uendelee bila kuvunjika. Usichukue mbali. Ukingo wa kivuli huwa mkali karibu na kitu kinachokitupa na hulainika kadiri unavyokwenda mbali nacho, kwa hiyo ukingo wa karibu na rafu ukiuleta chini utakuwa mkali mno. Nilichukua nusu kutoka juu kidogo ya soketi na nusu kutoka chini yake, vikakutana katikati.

Baada ya hapo ndipo natenganisha rangi na chembe. Nakili leya iliyokamilika mara mbili. Ya chini ipe Gaussian Blur, na uongeze kipimo hadi michirizi ya rola na chembe za kamera zipotee lakini vivuli vibaki. Kwa faili lenye upana wa pikseli 6000 huwa naangukia 8 hadi 12. Ya juu ifungulie Apply Image, uchague ile leya ya chini kama chanzo. Kwenye faili la 16-bit:

```
Channel: RGB, Invert: imewashwa
Blending: Add
Scale: 2
Offset: 0
```

Kwenye faili la 8-bit ni Subtract, Scale 2, Offset 128, bila Invert. Kisha leya ya juu iweke Linear Light. Picha inarudi kama ilivyokuwa, ila sasa mwangaza na rangi viko chini, na ngozi ya ukuta iko juu.

Kwenye leya ya chini nazungushia soketi kwa Lasso na kutumia Patch. Jambo moja huwa linasahaulika: Gaussian Blur imeshausambaza weupe wa soketi nje ya kava lake. Ukizungushia kava kwa kubana, utabaki na pete hafifu ukutani kuzunguka mahali kava lilipokuwa. Acha nafasi ya mara mbili hadi tatu ya kipimo cha blur. Kwangu ilikuwa pikseli 30 kila upande. Hapa ndipo kazi ya madaraja inapolipa, kwa sababu usingeweza kuacha nafasi hiyo kama waya bado ungekuwa umeshikana na televisheni. Upande ambao ukingo wa kivuli unapita sigusi kwa Patch. Namaliza pande mbili za kivuli kila moja peke yake, kwa uteuzi unaoishia kwenye ukingo.

Leya ya juu ni rahisi zaidi, lakini Opacity ya Clone Stamp iwe 100 na Sample iwe Current Layer. Ukipaka kwa 50, unachanganya chembe za aina mbili na wastani wake ni laini kuliko chembe zote za jirani, na kiraka kitaonekana kama plastiki hata kama rangi ni sahihi. Brashi laini sana ina kasoro hiyohiyo kwenye kingo zake. Mimi natumia Hardness ya 70 hivi. Chukua chembe kutoka sehemu yenye mwangaza unaolingana, kwa kuwa kamera hutoa chembe zinazoonekana zaidi kwenye kivuli, na badilisha chanzo mara kwa mara ili alama ileile ya rola isijirudie.

Nyaya zina vivuli pia, na kwa kawaida ni zaidi ya kimoja. Waya unaoning'inia mbali kidogo na ukuta, ukiwa na dirisha kushoto na taa kulia, unatupa kivuli kila upande. Kile kinachozuia mwanga wa taa kinabaki kikiangazwa na dirisha peke yake, kwa hiyo kinaonekana cha bluu. Kile cha upande wa pili kinaelekea kwenye chungwa. Vyote ni hafifu, na nimeona picha nyingi ambazo waya umeondoka lakini ule mstari wa bluu umebaki ukining'inia wenyewe. Angalia na sakafu: vigae vya kung'aa vilikuwa vinaakisi kava jeupe la soketi, na hilo nalo likabidi liondoke.

Macho hayatoshi kukagua, hasa baada ya kukodolea eneo moja muda mrefu. Juu ya leya zote naweka Curves na kuuvuta mstari uwe mkali kama ngazi, mara kwa mwangaza, mara kwa chaneli ya Blue peke yake. Kiraka kisichoonekana kwa kawaida kinajitokeza hapo kama doa la unyevu. Kama doa ni la mwangaza tu, nalirekebisha kwenye leya ya chini kwa Curves yenye maski laini. Kama linaonekana kwenye Blue lakini halionekani kwenye mwangaza, ni rangi ya mwanga iliyokosewa, na dawa ni kuchukua rangi ya jirani na kuipaka kwa brashi laini iliyo kwenye Color. Kisha naizima Curves, napunguza ukubwa wa mwonekano hadi asilimia 25 na kuigeuza picha kushoto kulia.

Mbinu hii ina mpaka wake. Ukuta wa mawe au wa plasta iliyokwaruzwa kwa makusudi hautengani vizuri, kwa sababu kila bonge lina kivuli chake kinachoelekea upande fulani. Hapo ni Clone Stamp ya mkono, polepole, bila kugeuza chanzo.

Mwisho ni kuhifadhi. Ukuta laini ukitoka 16-bit kwenda JPEG unaweza kupata mistari ya ngazi ambayo haikuwepo kwenye faili lako, hasa karibu na taa. Kabla ya kutoa, naongeza Add Noise ya asilimia 1, Gaussian, Monochromatic, kwenye picha nzima. Ukiiweka kwenye kiraka peke yake, umekirudisha kiraka.