Anayeganda Si Mpole: Tangazo la Mbwa Mwoga Anayetafuta Makao

Tangazo la kwanza tulilomwandikia Chausiku mtandaoni lilikuwa fupi: "Mpole sana, hana fujo, anapenda watoto. Njooni mumchukue!" Pichani alikuwa amepakatwa na mhudumu wa kituo chetu cha mbwa. Siku chache baadaye akachukuliwa na familia yenye watoto wawili, na siku ya nne akarudishwa. Mtoto mdogo alikuwa ametambaa hadi chini ya meza alikojificha Chausiku, akanyoosha mkono amshike, naye akamfyatulia meno. Kwa bahati, hayakufika kwenye ngozi.

Familia ile haikukosa. Tuliokosa ni sisi tulioandika.

Chausiku ni jike koko wa miaka kama miwili, tuliyemwokota karibu na soko moja hapa Arusha. Mtoto wa mbwa hujifunza nani wa kuaminiwa hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Asiyezoea mikono ya watu katika kipindi hicho huweza kubaki na woga ukubwani, hata kama hajawahi kupigwa. Wageni walipomshika kituoni alitulia tuli, nasi tukaandika "mpole". Kumbe alikuwa ameganda kwa hofu.

Kutofautisha mawili hayo si kazi ngumu. Mpapase ubavuni kwa sekunde 3, kisha uondoe mkono na usubiri. Anayefurahia atakusogelea au atakusukuma kwa pua. Aliyeganda atabaki vilevile, au atageuza uso, ataramba midomo, atapiga miayo bila usingizi, na weupe wa macho utaonekana pembeni. Mpe pia kipande cha nyama. Mbwa mwenye njaa anayekataa nyama mbele yako huenda ana hofu kubwa. Tazama tena ile picha ya kupakatwa: masikio yamelala nyuma, mkia umebanwa tumboni. Tulikuwa tumeutangaza woga wake bila kujua.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika upya, tulimwangalia kwa wiki mbili na kunakili tulichokiona tu. Maneno kama "mpole" na "mkali" kila msomaji huyapa maana yake, ila "hujificha mgeni akiingia" halina tafsiri mbili. Tangazo la pili likawa hivi:

"Huyu ni Chausiku, jike wa miaka kama miwili. Ameshapata chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, na amefungwa kizazi. Anaogopa watu asiowajua: mgeni akiingia hujificha, na akifuatwa huko huonyesha meno. Amewahi kumfyatulia mtoto meno namna hiyo, hivyo hafai nyumba yenye watoto wadogo. Siku ya 11 yeye mwenyewe alimkaribia mhudumu anayemlisha, na sasa humlalia miguuni. Anaishi vizuri na mbwa wengine watulivu. Hajui kutembea na kamba. Anahitaji ua uliozibwa hadi chini, pahali pa kujificha pasipoingiliwa, na mtu asiye na haraka. Si mbwa wa ulinzi. Njoo umwone zaidi ya mara moja kabla ya kuamua."

Picha mpya ilipigwa na mhudumu wake akiwa amechuchumaa, Chausiku akinusa nyasi.

Sentensi ya ulinzi tuliiweka makusudi. Kwetu swali la kwanza la wengi ni "anabweka?", halafu mbwa anafungwa mnyororo getini. Mbwa mwoga aliyefungwa hana pa kukimbilia, na anayebaki na meno tu huyatumia, hata kwa mtu wa nyumbani anayempelekea chakula.

Jambo ambalo matangazo mengi huliacha ni kutoroka. Siku za kwanza ndizo za hatari zaidi: geti likiachwa wazi kidogo bodaboda ipite, mbwa wa namna hii hutoka mbio, na akishatoka haitikii jina alilopewa juzi. Tunamwambia anayemchukua atumie kamba mbili, moja kwenye kola na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, hata akiwa ndani ya ua, kwa wiki 2 au 3 za mwanzo. Siku 3 za kwanza asimwite wala asimpapase. Aweke chakula, akae chini mbali kidogo ametazama pembeni, basi.

Ni kweli kwamba tangazo la pili liliwapunguza waulizaji. La kwanza lilileta simu nyingi siku ileile, hili lilileta nne kwa mwezi mzima. Mmoja wa hao, mwalimu mstaafu anayeishi na mbwa mzee, hakuuliza kama anabweka. Aliuliza uzio unatakiwa uwe na kimo gani, akaja Jumamosi tatu mfululizo na kigoda chake, akakaa. Jumamosi ya tatu Chausiku alichukua dagaa mkononi mwake, akarudi nyuma hatua mbili, akala.