Miezi 16 ya Search Console haitoshi kulinganisha mwaka na mwaka

Mwenye blogu ya mapishi anataka kujua kama Ramadhani hii imemletea wasomaji wengi kuliko ya miaka miwili iliyopita. Ukimuuliza data za wakati ule ziko wapi, jibu ni lile lile: "Si ziko Google? Nitazipakua tu." Hazipo. Search Console, zana ya Google inayoonyesha watu wanavyoiona tovuti yako kwenye utafutaji, huweka data za miezi 16, na kila siku mpya ikiingia, ya zamani kabisa inafutika. Hakuna kitufe cha kuirudisha, na hakuna wa kumwandikia akurudishie.

Fanya hesabu. Ukiwa katikati ya Februari 2026, mwisho wa kurudi nyuma ni Oktoba 2024. Ramadhani ya 2025 unaiona, ile ya 2024 imeshakwenda. Miezi 16 inakupa mwaka mmoja na miezi minne ya kulinganisha, basi. Na wanaokimbilia BigQuery, hifadhidata ya Google, wajue kwamba usafirishaji wa data kwenda huko unaanza siku unapouwasha. Haurudi nyuma hata siku moja.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache kila mwezi. Subiri hadi tarehe 5 hivi, kwa sababu takwimu za siku mbili tatu za mwisho huwa bado hazijatulia. Ingia Performance, chagua tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi uliopita, kisha Export, CSV. Utapata faili la zip. Lipe jina kama `2025-03_web.zip` na ulihifadhi sehemu mbili. Usilifungue kwenye Excel ukalihifadhi juu ya lile la awali. Ndani yake kuna `Filters.csv`, ambayo watu huitupa. Iache, ndiyo itakayokukumbusha ulichuja nini. Jedwali la maneno ya utafutaji linakomea mistari 1,000, kwa hiyo kama Tanzania na Kenya zote ni muhimu kwako, pakua kila nchi peke yake pia.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanabaki na jumla ya mwezi na kutupa jedwali la siku. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa Kizungu. Kwa walioanza kufunga tarehe 12 Machi 2024, mwezi huo wa Machi ulikuwa na siku 20 za saumu. Mwaka 2025 kwa walioanza tarehe 2, Machi ilikuwa na 29. Ukurasa wa kaimati utaonekana umepanda sana Machi na kuporomoka Aprili, na mwenyewe atatafuta alichokosea Aprili. Hakukosea kitu. Linganisha 12 Machi hadi 9 Aprili 2024 na 2 hadi 30 Machi 2025, siku 29 kwa siku 29. Bila mistari ya kila siku, ulinganisho huu haufanyiki.

(Siku ya Search Console, kwa njia, inafuata saa za California: inaanza saa nne au saa tano asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa hiyo siku ya Idd unayoiona imekatwa vibaya kidogo. Kwa kipindi cha mwezi haidhuru.)

La pili linaloniudhi ni wastani wa wastani. Tuseme mwezi mmoja una mionekano 9,000 katika nafasi ya 4, na mwingine una mionekano 1,000 katika nafasi ya 14. Mtu anajumlisha 4 na 14, anagawa kwa 2, anaandika 9. Jibu ni 5, kwa sababu kila nafasi inapimwa kwa mionekano yake:

```
=SUMPRODUCT(B2:B13,C2:C13)/SUM(B2:B13)
```

B ni mionekano, C ni nafasi. CTR nayo usiitolee wastani. Gawa jumla ya mibofyo kwa jumla ya mionekano.

Hata ukihifadhi vizuri, kuna ulinganisho nisiouamini. Septemba 2025 Google iliacha kukubali `num=100`, kigezo kilichofungua matokeo 100 kwa ukurasa mmoja na ambacho roboti za kupima nafasi zilikitegemea. Tovuti nyingi zikaona mionekano imeshuka na wastani wa nafasi umekuwa bora bila kubadilisha chochote. Sina namba ya kuzidisha ili pande mbili za tarehe hiyo zilingane, na anayekuuzia namba hiyo ameibuni. Mimi hutumia mibofyo peke yake ninapovuka Septemba ile, na kwenye folda ya zip naweka faili moja la `matukio.txt`: tarehe na kilichobadilika, iwe ni Google, kuhamisha tovuti, au kufuta kurasa. Mstari mmoja kwa tukio unatosha.