Lokesheni ya akiba chini ya bati haikuokoi: kushuti mwaloni wakati wa masika

Kazi yangu ni msaidizi wa mwongozaji, yaani mimi ndiye ninayepanga sini ipi inashutiwa saa ngapi na ndiye ninayeulizwa siku ikipotea. Huku Mwanza, kuanzia Machi hadi Mei, sipangi sini ya nje bila kuwa na sini ya ndani tunayoweza kuhamia mvua ikianza. Hiyo ndiyo tunayoiita lokesheni ya akiba.

Miaka ya nyuma niliwahi kuipata akiba hiyo nikadhani nimemaliza. Kilikuwa chumba kizuri Nyegezi, mwenye nyumba mkarimu, taa zimeshafungwa. Mvua ikaja, tukaingia ndani, waigizaji wakaanza kuzungumza, na fundi sauti akavua hedifoni. Nyumba ilikuwa ya bati na haina dari. Mvua ikipiga bati, maiki haichukui kitu kingine. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ni kuhusu paa. Nikipata chumba cha chini kwenye ghorofa lenye zege juu, naweka humo sini ya mazungumzo. Nikikosa, nachagua sini isiyo na maneno: mtu anasoma barua, anafunga begi, anamfunika mtoto.

Jambo la pili ni kutoitumia akiba mapema. Aprili moja tulikuwa na sini tatu mwaloni Igombe, ufukweni wanakotua wavuvi, na mbili za ndani. Mwongozaji alitaka tuanze na za ndani asubuhi, waigizaji wakiwa bado na nguvu. Nilikataa, kwa sababu tukizimaliza asubuhi halafu mvua inyeshe mchana, watu wote wanakaa kwenye gari na wote wanalipwa. Tukaanza nje saa 1 asubuhi.

Kwa kuwa mawingu yalikuwa yanajikusanya ziwani, nilibadili pia mpangilio wa shoti. Tulichukua kwanza shoti pana zote za sini ya kwanza na ya pili. Mchanga ukishalowa unabadilika rangi, na shoti pana hauna pa kuuficha. Shoti ya uso unaweza kuimalizia baadaye chini ya turubai, nyuma yake ukaweka ubavu wa mtumbwi tu.

Saa 4 hivi, akina mama walioanika dagaa walianza kuwakusanya. Mmoja akaniita: "Mwanangu, hilo wingu ni la kwetu. Toeni vyombo vyenu." Nilimshukuru nikatangaza tunafungasha, ingawa tulipokuwa tumesimama jua lilikuwa bado linawaka. Dakika chache baadaye umeme ulimulika, nikahesabu sekunde 25 hadi ngurumo. Sauti husafiri takriban kilomita moja kwa sekunde tatu, kwa hiyo radi ilikuwa kama kilomita nane kutoka kwetu. Ikishafika chini ya sekunde 30 sibishani na mtu: hakuna anayebaki majini, wala anayeshika stendi ya chuma au fimbo ya maiki. Hatukurudi ufukweni hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Vyombo vilikuwa na mpango wake tangu asubuhi. Viungio vya nyaya vilikaa juu ya kreti za soda, siyo mchangani. Jenereta ilikuwa chini ya turubai lililo wazi pande zote. Kuifungia ndani ya hema kunaua watu kwa moshi. Kamera tuliivisha mfuko wake wa mvua tukiwa bado pakavu. Kosa linalonisumbua zaidi hutokea baada ya mvua: kamera iliyokaa kwenye gari lenye kiyoyozi ikitolewa kwenye hewa ya unyevunyevu, lenzi inapata ukungu, hata kwa ndani. Usiifute haraka wala usibadilishe lenzi. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, nusu saa au zaidi. Na ikiwa maji yameingia kweli, zima, toa betri, na usijaribu kuiwasha ili uone kama imepona.

Saa 5:30 tulikuwa tunashuti ndani, chini ya zege, na sini zote mbili zilikamilika. Iliyobaki ni sini ya tatu, ya mtumbwi. Hapo nilimfuata mwenye mtumbwi kabla hatujaondoka, maana siku mpya ya mtumbwi haitegemei ratiba yangu pekee. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa na mitumbwi mingi hupumzika. Akaniambia, "Kaka, njoo mwezi ukiwa mpevu, mtumbwi utakuwa wako kutwa." Nikaandika siku mbili mfululizo, ya pili ikiwa ya akiba endapo mvua itanyesha, na waigizaji wawili nikakubaliana nao malipo ya nusu kwa siku hiyo ya pili iwapo hatutawaita. Siku ya kwanza anga lilikuwa jeupe, tukamaliza kabla ya saa 5.