Taarifa ya hasara na dai la fidia mzigo wa ndege unapopotea

Taarifa ya hasara ni maandishi ambayo mpokeaji wa mzigo anampelekea mchukuzi, na pia kampuni ya bima, kuwajulisha kwamba mzigo wote au sehemu yake haikufika. Dai la fidia huja baadaye, likiwa na kiasi cha fedha na vielelezo. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakasubiri mpaka wakusanye karatasi zote ndipo waandike, na hapo ndipo haki zao zinapoanza kupungua. Taarifa haihitaji hesabu kamili. Inahitaji kuandikwa na kufika mapema.

Jambo la pili linalochanganywa ni kudhani kwamba ukiijulisha bima umemjulisha mchukuzi pia. Hiyo ni mikataba miwili tofauti: mmoja ni hati ya usafirishaji, ambayo kwa mzigo wa ndege huandikwa kwa kifupi AWB, na mwingine ni hati ya bima. Kila mmoja una muda wake, na barua iliyotumwa kwa upande mmoja haiuzuii muda wa upande wa pili kuendelea kwenda.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza vioo vya simu kutoka Dubai. AWB imetolewa tarehe 3 Machi 2025, ikionyesha katoni 12 zenye uzito wa kilo 216. Ndege inatua Dar es Salaam tarehe 5 Machi, na tarehe 7 wakala wake wa forodha anakwenda kuchukua mzigo ghalani. Zinatolewa katoni 9. Karani anasema kwamba 3 zilizobaki huenda zinakuja na ndege ya kesho, kisha anasukuma mbele yake karatasi ya makabidhiano ambayo tayari imechapwa "katoni 12".

Karatasi hiyo ndiyo kielelezo cha kwanza, na mara nyingi ndicho kinachoamua kesi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Falme za Kiarabu zote ni wanachama wake, mpokeaji anayechukua mzigo bila kulalamika huhesabiwa, mpaka athibitishe vinginevyo, kuwa ameupokea ukiwa mzima na kama hati inavyosema. Kwa hiyo wakala anapaswa kuandika kwa mkono, kabla ya saini yake: "Zimepokewa katoni 9 tu kati ya 12. Katoni namba 4, 7 na 11 hazikukabidhiwa." Baada ya hapo aombe ripoti ya upungufu wa mzigo, ambayo hutolewa na mwendesha ghala au shirika la ndege, na asiondoke bila nakala yake. Karani akikataa maandishi hayo yasiwekwe kwenye karatasi yake, wakala apige picha ya karatasi na ya katoni 9 zilizopangwa mahali zilipotolewa, kisha atume barua pepe ya pingamizi siku hiyohiyo akieleza kilichotokea.

Siku hiyo ya tarehe 7 zinakwenda taarifa mbili. Ya mchukuzi inaweza kuwa fupi kabisa: "Tunawajulisha kwamba katoni 3 kati ya 12 za AWB namba hii, iliyotolewa tarehe 3 Machi 2025, hazikukabidhiwa kwetu tarehe 7 Machi. Tunawahesabu kuwa mnawajibika kwa hasara yote itakayothibitika, na tunawaomba mfuatilie mzigo huo na kutujibu kwa maandishi. Kiasi cha dai kitafuata." Namba ya AWB yenye tarakimu 11 iandikwe kamili, kwa kuwa tarakimu 3 za mwanzo ndizo zinazotambulisha shirika la ndege. Malalamiko lazima yawe ya maandishi. Kupiga simu au kwenda kaunta kila asubuhi hakuhesabiki, hata kama karani anakufahamu kwa jina. Vilevile, ujumbe aliotumiwa wakala wako wa forodha si taarifa kwa mchukuzi.

Tarehe nyingine zinafuata kutoka hapo. Mzigo usipofika ndani ya siku 7 tangu siku uliyopaswa kufika, mpokeaji anaruhusiwa kumdai mchukuzi kama wa mzigo uliopotea. Kwa mfano wetu siku hizo zinaisha tarehe 12 Machi, isipokuwa mchukuzi akikiri upotevu mapema zaidi. Mkataba unatoa siku 14 tangu kupokea mzigo kwa malalamiko ya uharibifu, yaani mpaka tarehe 21 Machi. Kwa mzigo usiokabidhiwa kabisa, Mkataba wenyewe hautaji idadi ya siku za kulalamika, lakini masharti ya kawaida yaliyochapwa nyuma ya AWB yanataja siku 120 tangu hati ilipotolewa. Ukihesabu kutoka tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ni tarehe 1 Julai. Angalia kwamba hesabu inaanzia siku ya kutolewa hati, wala si siku uliyogundua hasara.

Hapa ninasisitiza kufuata zile siku 14 hata kama kilichotokea kinaonekana kuwa ni upotevu. Sababu yake ni kwamba upungufu wa sehemu ya mzigo unaweza kubishaniwa kama ni upotevu au ni uharibifu. Katika kesi ya mzigo wa abiria iliyoamuliwa mwaka 1980 chini ya mkataba uliotangulia huu, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema kwamba vitu vilivyokosekana ndani ya begi ni sehemu ya uharibifu, hivyo muda mfupi ndio uliohusika. Ukikuta katoni imefika lakini utepe umekatwa na ndani mna upungufu, usitegemee siku 120 hata kidogo.

Haki ya kufungua kesi nayo inakufa baada ya miaka 2 tangu mzigo ulipofika au ulipopaswa kufika, yaani tarehe 5 Machi 2027 kwa mfano huu. Mazungumzo marefu na idara ya madai ya mchukuzi, hata yakiwa ya kirafiki, hayapaswi kukusahaulisha tarehe hiyo.

Kwa upande wa bima, hati nyingi hazitaji idadi ya siku kwa taarifa ya kwanza. Zinataka ijulishwe mara moja au mapema iwezekanavyo, na zinamtaka aliyekatiwa bima alinde haki zote dhidi ya mchukuzi. Sharti hili la pili ndilo linalounganisha ile mikataba miwili. Bima ikishalipa, inarithi haki ya kumdai mchukuzi kwa jina lako. Ukiwa umeuacha muda wa mchukuzi upite, umeinyima kitu ilichokuwa na haki nacho, na inaweza kukataa au kupunguza malipo. Hali ni hiyohiyo ukikubali kwa haraka fidia ndogo ya mchukuzi na kusaini kwamba huna dai tena. Kabla ya kusaini karatasi yoyote ya namna hiyo, ipelekee bima kwanza ijibu kwa maandishi.

Kwa nini basi uhangaike na bima ikiwa mchukuzi anawajibika? Kwa sababu wajibu wake una ukomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Katoni 3 zilizopotea zina uzito wa kilo 65 na vioo vya thamani ya dola 8,400, nauli na bima zikiwemo. Kilo 65 mara 26 ni SDR 1,690, ambazo mwezi huo zilikuwa kama dola 2,200 hivi. Zilizobaki, zaidi ya dola 6,000, hazitatoka kwa mchukuzi, isipokuwa kama mtumaji alitangaza thamani maalumu na kulipia nyongeza wakati wa kukabidhi mzigo. Ukiona herufi NVD kwenye kisanduku cha thamani cha AWB, ujue hakuna thamani iliyotangazwa. Bima iliyokatwa kwa desturi ya thamani yote pamoja na asilimia 10 ingefikia dola 9,240 kwa katoni hizo, ukiondoa sehemu ya hasara ambayo hati inakutaka uibebe mwenyewe.

Hesabu hiyo ya kilo 65 inatupeleka kwenye kielelezo kinachosahauliwa kuliko vyote: orodha ya upakiaji, ile ambayo mawakala huiita pakingi listi. Sehemu ya mzigo inapopotea, ukomo kwa kawaida hupimwa kwa uzito wa vifurushi vilivyopotea tu. Orodha ikionyesha kwamba katoni namba 4 ni kilo 22, namba 7 ni kilo 22 na namba 11 ni kilo 21, jambo limekwisha. Ikionyesha jumla ya kilo 216 peke yake, mchukuzi atagawa kwa 12, apate kilo 18 kwa katoni, na ukomo utashuka hadi SDR 1,404. Mwagizaji amwambie muuzaji wake, kabla mzigo haujaondoka, aandike namba, uzito na bidhaa za kila katoni.

Vielelezo vingine ni rahisi kuvipanga ukijiuliza kila kimoja kinathibitisha nini. Ankara ya muuzaji na uthibitisho wa malipo ya benki vinaonyesha thamani. AWB inaonyesha kwamba mchukuzi alipokea katoni 12. Na kama wakala wa usafirishaji aliunganisha mizigo ya watu wengi, weka hati yake yenye jina lako pamoja na hati kuu ya shirika la ndege. Karatasi ya makabidhiano, ripoti ya upungufu na picha vinaonyesha kilichokosekana. Chapisha pia ukurasa wa ufuatiliaji wa mzigo ukiwa na tarehe: RCF ni kwamba mzigo umepokewa kutoka kwenye ndege, DLV ni kwamba umekabidhiwa, na DIS inaashiria hitilafu. Ukurasa unaosema RCF vipande 12 ni ushahidi kwamba katoni zilipotelea ghalani Dar es Salaam na wala si Dubai, na hapo ni busara kwenda polisi kuchukua RB. Ongeza hati ya bima, nyaraka za forodha, na barua zote mlizoandikiana na mchukuzi, pamoja na majibu yake, hata yale ya kukataa. Bima itaziomba hizo barua mapema, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kwamba ulilinda haki.

Katoni zikipatikana baada ya bima kulipa hasara yake yote, usizichukue kimyakimya. Ijulishe bima siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya malipo ina haki ya kuzichukua, na mara nyingi itakupa nafasi ya kuzibakiza kwa kurudisha fedha zake.